Alamu Mbili, Zima Mbili Tofauti

Kila opareta aliyefundishwa vizuri anajua kwamba ekskaveta haizimwi ghafla. Baada ya kazi nzito unalaza baketi chini, unarudisha mwendo wa injini hadi mwisho, unaiacha izunguke bila mzigo dakika tatu hadi tano, ndipo unafunga swichi. Dakika hizo ni za tabo, ile feni ndogo inayosukuma hewa ndani ya injini ikizungushwa na moshi wa moto. Shafti yake huweza kuzidi mizunguko 100,000 kwa dakika, na ukizima papo hapo ikiwa bado ya moto, oili iliyobaki ndani yake huungua na kuganda.

Ni desturi nzuri. Lakini ipo alamu moja ambayo ukiifuatia desturi hiyo unaua injini. Ipo na nyingine ambayo ukizima haraka unaongeza madhara. Opareta anapoona taa nyekundu mbele yake, jambo la kwanza ni kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

Inayoua ni alamu ya presha ya oili. Ndani ya injini, krenki haigusi beringi zake. Kati ya chuma na chuma upo utando wa oili mwembamba kuliko unywele, unaosukumwa na pampu bila kukoma. Injini ikiwa ya moto na iko kwenye mwendo wa kazi, presha huwa takriban baa 3 hadi 5. Ikizunguka polepole hushuka kuelekea baa 1. Presha ikipotea, utando unakatika na chuma kinasaga chuma. Beringi huanza kuharibika ndani ya sekunde chache. Pampu yenyewe inazungushwa na injini hiyo hiyo, kwa hiyo anayerudisha mwendo chini ili “injini ipoe kwanza” anaipunguzia hata ile oili kidogo iliyokuwa bado inafika. Tabo itapata hasara kidogo kwa kuzimwa ghafla, ni kweli. Tabo hubadilishwa, krenki iliyosagika inamaanisha kufungua injini nzima.

Ndiyo maana mitambo mingi ya Caterpillar hupanga maonyo kwa ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni taa tu, inayotaka jambo lishughulikiwe mapema. Ya pili inakutaka ubadilishe unavyofanya kazi, na ya tatu, yenye king'ora, inakuamuru usimame na kuzima. Presha ya oili iko ngazi ya tatu. Joto la maji kwa kawaida huanzia ya pili.

Tuseme ekskaveta ya tani 20 iko kwenye machimbo ya kokoto huko Lugoba. Asubuhi imefanyiwa sevisi: oili mpya, filta mpya. Saa nne hivi, bumu likiwa juu na baketi imejaa mawe, king'ora kinalia na taa ya oili inawaka. Opareta anafunga swichi hapo hapo. Wengi husita katika nafasi hiyo kwa sababu baketi iko hewani, nao wanadhani hawawezi kuishusha bila injini. Wanaweza. Ekskaveta nyingi zina chupa ndogo inayohifadhi presha ya haidroliki, na kwa muda mfupi baada ya injini kuzima, swichi ikirudishwa kwenye ON bila kuwasha, wenzo bado unatii na bumu linashuka kwa uzito wake. Anahakikisha hakuna mtu chini, analaza baketi, anafunga wenzo wa usalama, anatoa ufunguo. Kwenye loda ya matairi hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa injini ikizimika usukani nao unakuwa mzito au unakufa. Huyo anasimama kwanza, anavuta breki ya kuegesha, kisha anazima, na yote hayo yasizidi sekunde chache.

Kwenye redio anasema tu: “Fomeni, taa ya presha ya oili imewaka, nimezima. Siwashi tena.” Hayo maneno ya mwisho ndiyo muhimu. Kishawishi kikubwa ni kuwasha tena kidogo “tuone kama itarudi”, na mara nyingi injini iliyookolewa na opareta huuawa na jaribio hilo.

Sasa anapima. Anasubiri kama dakika kumi oili iteremke, na anajua kwamba mtambo ulioinama unadanganya kijiti cha kupimia. Hapa hata mteremko haufichi kitu: kijiti kinatoka kikavu, na chini ya injini pametapakaa oili nyeusi. Fundi anafungua filta mpya na kukuta mipira miwili. Mpira wa filta ya zamani ulibaki umeganda kwenye kikalio chake, na filta mpya ikafungwa juu yake. Ilishikilia kwa saa chache, kisha presha ikausukuma mpira nje. Anaondoa wa zamani, anafunga upya, anajaza oili, na kabla ya kuamini kuwa yamekwisha anaichana filta aliyoitoa na kukunjua karatasi yake kwenye mwanga. Ukionekana mng'ao wa chembe za chuma, beringi zimeguswa na injini haiwashwi. Hapa hakuna mng'ao. Anawasha, taa inazimika ndani ya sekunde chache.

Ingekuwa kijiti kinaonyesha oili imejaa, hiyo isingekuwa ruhusa ya kuendelea. Kijiti hupima kiasi, si presha. Pampu iliyochoka, dizeli iliyovujia kwenye oili na kuifanya nyepesi, au chujio la kufyonzea lililoziba, vyote huweza kuangusha presha huku sampu imejaa.

Joto la maji linataka mkono mwingine. Mshale ukiingia kwenye nyekundu, acha kuchimba, laza baketi, lakini iache injini izunguke bila mzigo. Pampu ya maji na feni ndizo zinazotoa joto. Ukizima, maji yanasimama kwenye kuta zenye moto mkali na kuchemka papo hapo. Mshale ukishuka ndani ya dakika chache, zima kwa utaratibu, kisha kaangalie rejeta. Machimboni mara nyingi utakuta vumbi limejaa kati ya mapezi yake, au limekwama kati yake na kipoza oili ya haidroliki kilicho mbele, mahali ambapo jicho halifiki.

Usingoje hivyo kama mshale unaendelea kupanda, mpira umepasuka, au imewaka taa ya kiasi cha maji. Hapo hakuna kinachozungushwa tena, basi zima. Jihadhari hasa na mshale unaoanguka ghafla huku mvuke unatoka: huenda kihisi kimebaki kwenye nafasi tupu na kinapima hewa, wakati kichwa cha injini kinaungua. Kwa sababu hiyo mitambo mingi ina kihisi cha kiasi cha maji mbali na kile cha joto.

Kifuniko cha rejeta kisiguswe mpaka mkono uweze kukaa juu ya tangi bila kuungua. Mfumo ukiwa na presha ya karibu baa 1, maji huweza kufika nyuzi 120 bila kuchemka. Ukifungua, presha inatoka, na maji yale yanaruka kama soda iliyotikiswa, usoni na kifuani. Wala usimimine maji baridi kwenye injini ya moto. Kichwa cha silinda hupasuka.

Mwisho ni kitabu cha mtambo: saa kwenye mita, taa ipi iliwaka, mtambo ulikuwa umeinama au la, mzigo gani, mshale ulikuwa wapi. Fundi anayekuta “ilizimika” peke yake anaanza upya. Na kesho asubuhi, swichi ikifika ON kabla ya kuwasha, taa ya oili lazima iwake. Isipowaka, taa au waya wake umekufa, au kuna aliyeukata kwa kuchoshwa na kelele, na mtambo huo haupelekwi kazini mpaka fundi aurekebishe.