Ishara Moja, Vifo Vitatu

Seva ya Linux ina kumbukumbu tele na prosesa yake imetulia, lakini kila amri anayoandika fundi inajibiwa `fork: Resource temporarily unavailable`. Hakuna programu mpya inayokubali kuanza. Wakati mwingine chanzo ni michakato iliyokwisha kufa.

Mchakato ukimaliza kazi, kiini cha mfumo hurudisha kumbukumbu yake na kufunga mafaili yake. Kinachobaki ni nafasi moja katika jedwali la michakato, yenye namba yake, yaani PID, na taarifa ya jinsi ulivyoisha. Taarifa hiyo ni ya mzazi, aliyemzaa mtoto huyo kwa `fork`, naye huichukua kwa `waitpid`. Hadi aichukue, mtoto ni zombi. `kill -9` haimwondoi, kwa sababu hana tena kinachotembea ndani yake cha kusimamisha.

Zombi wa nukta chache ni jambo la kawaida. Hatari ni wanapolimbikizana, na hilo humpata hata mwandishi wa programu aliyekumbuka kusubiri.

Chukua seva inayozaa mtoto kwa kila ombi. Mtoto akifa, kiini humpelekea mzazi ishara ya `SIGCHLD`, na mzazi huita `wait` mara moja. Kwenye majaribio yote huenda sawa. Siku wateja wakiwa wengi, watoto watatu hufa kabla mzazi hajapata nafasi ya kuishughulikia ishara ya kwanza. Ishara hizi hazipangwi foleni: iliyo tayari ikingoja humeza zinazofuata. Mzazi huamshwa mara moja, huchukua mmoja, na wawili hubaki. Ishara zijazo haziponyi deni hilo, maana kila moja huja na maiti wake.

Akibaki zombi mmoja kila sekunde 5, ni 720 kwa saa. Kwenye mfumo wenye kikomo cha PID 32,768, jedwali hujaa kabla ya siku mbili kwisha.

Dawa ni kuchukua wote waliopo kila ishara inapofika:

```c
while (waitpid(-1, &hali, WNOHANG) > 0)
    ;
```

Hapo `-1` ni mtoto yeyote, na `WNOHANG` humzuia mzazi kukwama akiwangoja walio hai. Kwa kuwa ishara hukatiza kazi nyingine katikati, thamani ya `errno` ihifadhiwe kabla ya mzunguko na kurudishwa baadaye.

Kumjua mzazi mzembe mapema ni rahisi: `ps -eo pid,ppid,stat,comm` huonyesha `Z` kwa kila zombi, na safu ya PPID humtaja mzazi. Huyo akizimwa, zombi wake kwa kawaida hurithiwa na PID 1, ambayo huwaondoa mara moja. Ndani ya kontena, hata hivyo, PID 1 huwa ni programu yenyewe, na nyingi hazikuandikwa kulea yatima. Docker huliziba pengo hilo kwa `--init`, inayoweka mchakato mdogo wa kuwachukua.