Baba yuko udongoni, funguo ziko mufukoni mwa kaka

Alifika Kabambare siku ya tatu ya kilio. Kutoka Kindu alipanda moto mpaka Kasongo, akalala pale, kesho yake akaendelea na moto ingine, matope mpaka magoti. Baba yake walikuwa wamekwisha kumuzika. Alilia kaburini, akaingia nyumbani kusalimia mama, na pale njo akaona kufuli mpya kwenye mulango wa chumba cha baba.

«Yaya, ni nani alifunga huku?»

«Ni sisi,» kaka yake mukubwa akajibu. «Vitu vya baba viko chini ya ulinzi wa wanaume. Weye ulisha olewa. Fasi yako iko kwa bwana yako.»

Dada huyu tumemutunga, hatusemi jamaa ya mutu yeyote. Lakini wasomaji wetu wa Kabambare, Salamabila, Namoya na Kasongo watamutambua, maana katika kilio kingi kufuli ya namna hii inaonekana hata kabla viti vya matanga havijarudishwa. Tumufuate basi, tuone sheria inasema nini juu ya kila neno aliloambiwa.

Baba alikuwa muchimbaji wa dhahabu tangu ujana. Aliacha muke, watoto watano, yaani wavulana watatu na mabinti wawili, na mama yake muzazi, koko muzee sana, angali muzima. Tena wadogo zake wawili, baba wadogo wa watoto. Upande wa mali, aliacha nyumba ya matole ambamo anakaa mama, nyumba ingine ya kupangisha, moto moja, motopompe ya kutoa maji shimoni, na dhahabu kidogo iliyowekwa kwa negosia. Aliacha pia deni: huyu negosia alikuwa amemukopesha franga za chakula na mafuta ya pompe.

Siku ya tano, wanaume walikaa chini ya muembe. Walisema maneno matatu. La kwanza: mwanamuke harisi kwa baba. La pili: weye ulikuwa muji, hukumuuguza baba, kwa hiyo umejitoa mwenyewe. La tatu: shimo ni kazi ya wanaume, na vyote vilitoka shimoni.

Neno la kwanza halina musingi katika sheria ya inchi. Kode ya Familia, ni sheria ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaweka watoto wote katika fungu la kwanza la warisi. Haitenganishi kijana na binti, wala binti aliyeolewa na asiyeolewa. Hata mutoto aliyezaliwa inje ya ndoa anaingia humo, kama baba alimukubali kisheria wakati angali hai. Fungu hilo la kwanza linapata robo tatu ya urisi, na watoto wanagawa sawasawa, kichwa kwa kichwa. Mahari iliyolipwa kwa ajili ya binti haipunguzi sehemu yake.

Neno hili la kwamba binti ataolewa si letu peke yetu. Kule Kenya, jamaa ya marehemu Rono, aliyekufa mwaka 1988, iligombana juu ya shamba. Tribinali ya kwanza iliwapa wavulana eka 30 kila mumoja, na mabinti eka 5 kila mumoja, kwa kufikiri mabinti wataolewa. Mujane wa pili, mama ya mabinti, akapanda mbele, na mwaka 2005 Tribinali ya Rufaa iliangusha hukumu ile, ikasawazisha watoto wote.

Kasongo na pande zake kuna jamaa nyingi za Waislamu, na wengi wanapenda kugawa mbele ya shehe. Katika ugawanyaji ule binti anapata nusu ya sehemu ya kaka yake. Lakini hata pale anapata. Hakuna shehe anayemwambia atoke mikono mitupu. Na mutu akifika kwa tribinali ya serikali, hesabu ni ile ya Kode: sawasawa.

Neno la pili ni zito zaidi, na hapa mabinti wengi wanaokaa muji wanapotea. Kode inasema mutu anaweza kukatwa kwenye urisi kama alivunja ujamaa na marehemu wakati angali hai, ao kama kwa makusudi aliacha kumutunza katika ugonjwa wa mwisho wakati ilikuwa wajibu wake. Kaka walisikia habari hiyo, wakaishika. Walichoacha kusema ni kwamba jambo hilo linapaswa kuhakikishwa mbele ya tribinali, na yule anayeshitakiwa asikilizwe. Mukutano chini ya muembe hauwezi kumukata mutu.

Dada alifungua simu yake. Ndani mulikuwa mesaje za franga alizotuma: mara ya dawa, mara ya kulipa moto ya kumupeleka baba hospitali. Alikuwa na karatasi ya farmasi pia, ile mama alimutumia kwa picha. Baba mudogo mumoja akasoma, akanyamaza. Mutu anayekaa mbali asifute mesaje za namna hii, na akibadilisha simu aziandike pembeni: tarehe, kiasi, nani alipokea. Kukaa mbali peke yake si kosa. Kosa ni kuacha kwa makusudi.

Neno la tatu linagusa kila nyumba ya muchimbaji. Ni kweli, kuna kitu ambacho hakirisiwi. Karata ya muchimbaji ni ya mutu mwenyewe, inatumika mwaka moja, na mwenyewe akikufa haipite kwa mutoto. Haki ya kuchimba pale si kama parsele. Kijana anayetaka kuendelea katika shimo la baba anapaswa kuwa na karata yake, kuwa ndani ya kooperative, na kupatana na wenzake wa timu.

Lakini kutoka hapo kusema «vyote ni vya wanaume» ni kuruka mutoni. Motopompe ni kitu cha baba, inaingia katika urisi. Mifuko ya mawe iliyokwisha kutolewa, sehemu ya baba ndani yake, inaingia. Dhahabu iliyo kwa negosia inaingia. Deni ya negosia nayo inaingia. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kutafuta ni daftari ya timu na daftari ya negosia, na kuzisoma mbele ya mashahidi mapema. Daftari ikikaa miezi kwa mutu mumoja, deni inaota majani na dhahabu inakauka.

Sasa hesabu. Tuache kwanza nyumba anamokaa mama, tutarudia. Tuseme vile vingine, nyumba ya kupangisha, moto, pompe na dhahabu, vyote ni dolari 5400. Deni ya negosia ni 600. Deni inalipwa mbele, inabaki 4800.

Wengi wanaanza kugawa hapo, na wanamwibia mama. Kama ndoa iliandikishwa na bibi na bwana hawakuchagua namna ingine ya kushika mali, vile walivyopata pamoja katika ndoa ni vya wote wawili. Nusu ni ya mama, na hiyo si urisi, ni yake tangu zamani. Mama anatoa 2400. Urisi wa baba ni ile 2400 inayobaki.

Robo tatu ya 2400 ni 1800. Watoto ni watano, kila mutoto 360, binti na kijana. Robo iliyobaki, 600, ni ya fungu la pili: mujane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Kwa sababu makundi yote matatu yako, kila kundi linapata 200. Mama anaongeza 200, koko anapata 200, baba wadogo wawili wanagawana 200. Utaona kwamba hata baba wadogo hawakusahauliwa. Ila hawana neno la kusema kwamba mali yote inarudi kwa ukoo.

Nyumba anamokaa mama ina sheria yake. Mujane ana haki ya kukaa ndani ya nyumba waliyoishi na bwana yake, na kutumia vyombo vyake. Shamba linaloshikamana na nyumba, lile marehemu alilima mwenyewe, nusu ya matumizi ni ya mujane, nusu ni ya watoto. Kwa hiyo mutu akija kununua nyumba ambayo mujane angali ndani, kwa neno la kijana mumoja tu, ananunua kesi.

Na huyo kijana mumoja alikuwa na neno lake: «Mimi ni mukubwa, njo liquidateri.» Hapo hakukosea kabisa. Kama baba hakuacha testama, Kode inampa mwenye umri mukubwa katika warisi kazi ya liquidateri, ao yule warisi wanamuchagua kama yeye anajitoa. Na tribinali njo inamuhakikisha ao kumukatala. Lakini liquidateri ni mutu wa kuhesabu: anaandika vitu, analipa deni, anagawa, anatoa hesabu kwa wenzake. Kaka alifikiri ni cheo cha mwenye mali. Tena katika jamaa hii, kwa umri, koko alikuwa mukubwa kuliko wote, na akasema wazi kwamba hawezi kazi hiyo.

Dada alifanya nini? Hakuvunja kufuli. Alienda ofisi ya etasivile na kaka mudogo, wakaomba karatasi ya kifo. Akaomba shefu awaite wote, na mbele yake kufuli ikafunguliwa. Vitu viliandikwa moja moja: pompe, moto na namba yake, gramu za dhahabu kufuatana na daftari ya negosia. Wote wakatia saini, koko akatia kidole. Aliomba shefu aandike kwamba hakuna kuuza kitu mpaka hesabu iishe. Nakala moja ikabaki kwa shefu, moja kwa kaka, moja akaitia katika kibegi chake.

Kaka mukubwa hakufurahi. Alisema karatasi haiwezi kumushinda damu. Dada akamujibu kwa sauti ya chini: «Yaya, sitaki nyumba ya mama, wala sitaki pompe yako. Nataka sehemu yangu iandikwe. Ukitaka pompe, uihesabu katika sehemu yako. Ukikatala, tutakutana tribinali, na kule watauliza nani alifunga mulango.»

Wiki ingine ikapita. Wavulana walichukua pompe na moto kwa kuhesabiwa katika sehemu zao. Nyumba ya kupangisha haikuuzwa. Kodi inagawanywa kufuatana na karatasi, sehemu ya mama ikitangulia. Urafiki haujarudi bado. Lakini siku dada alipopanda moto kurudi Kindu, mama alikuwa amekaa kibarazani, na funguo za chumba zilikuwa zimefungwa kwenye ncha ya kitambaa chake.