Barua Pepe ya "Tunasikitika" Nayo Hujibiwa

Chukua mhasibu aliyeomba kazi ya ukaguzi wa ndani katika kampuni ya usambazaji. Alifika hadi usaili wa pili, kisha ikaja barua pepe: tunasikitika, tumempata mwingine. Wengi hapo huifuta na kununa. Yeye aliingia tena kwenye tovuti ya kampuni, akaona kitengo cha madeni nacho kinatafuta mtu. Kesho yake asubuhi akajibu:

"Ndugu, nashukuru kwa majibu na kwa muda mlionipa. Nimeona kitengo cha madeni kimetangaza nafasi ya Ofisa Madeni. Kwenye usaili wa pili niliwaeleza nilivyofuatilia ankara zilizopitiliza siku 90, na tangazo linataka kazi hiyohiyo. Maombi nimeshatuma leo kwenye tovuti. Naomba mnifikirie, na kama inafaa, maoni ya wasaili wangu yamfikie mkuu wa kitengo hicho."

Amejibu juu ya barua ileile aliyotumiwa, kwa hiyo ofisa ajira akishuka chini anaona historia yote bila kujiuliza huyu ni nani. Ametaja nafasi moja kwa jina. Angeandika "nafasi yoyote itakayopatikana", angemwachia ofisa kazi ya kumtafutia mahali, na ofisa mwenye mamia ya maombi hana muda huo. Na ametuma maombi rasmi kwanza, maana kampuni nyingi haziwezi kumsaili mtu ambaye jina lake halimo kwenye orodha ya nafasi husika, hata wakimpenda vipi.

Lakini uzito wote umo kwenye zile ankara. Wasaili walishazisikia, pengine waliziandika. Mkuu wa kitengo cha madeni akiwauliza wenzake, jibu analikuta tayari. Mwombaji mpya hana mtu wa kumsemea hivyo.

Ndiyo maana njia hii humfaa zaidi aliyefika usaili. Aliyekatwa kwenye mchujo wa karatasi hana wa kumkumbuka, na mara nyingi barua yake imetumwa na mashine isiyopokea majibu. Huyo aombe upya tu. Soma pia sababu waliyotoa. "Tumempata mwingine" huacha mlango wazi. Wakisema hukufikia kiwango cha kampuni, au usubiri miezi 6 ndipo uombe tena, kuhamia kitengo kingine hakusaidii. Utumishi wa umma Tanzania una utaratibu wake: waliofaulu usaili wakakosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata ya Sekretarieti ya Ajira, na barua ya kuomba kufikiriwa haina kazi hapo.

Mhasibu wetu akijibiwa "nimempelekea mkuu wa kitengo", asiage alipo sasa: maana yake CV imehama meza tu, na usaili unaanza upya. Wiki ikipita kimya, anakumbusha mara moja, mistari miwili, basi.