Besi Iliyovuka Uzio: Tulivyopima Sauti ya Usiku wa Mswahili

Mwaka jana, saa tatu na nusu usiku, dansi likiwa limepamba moto, bibi mmoja kutoka nyumba za nyuma ya uwanja alifika mlangoni mwa hema letu amevaa koti juu ya nguo za kulalia. Hakugomba. Alituomba wawili wetu tufuatane naye hadi jikoni kwake. Tuliposimama pale, wimbo hatukuusikia kabisa. Mwimbaji hakuwapo, fidla hazikuwapo. Kilichokuwapo ni dundo la besi, na glasi zikigongana kabatini kila dundo lilipopiga.

Tulirudi mbio, fundi mitambo wetu akashusha kitelezi kikuu cha miksa. Ndani ya hema muziki ukafifia, maneno ya nyimbo yakapotea, watu wakaanza kupiga soga. Jikoni kwa bibi, glasi ziliendelea kulia. Tuliharibu shughuli yetu na jirani hatukumpa nafuu.

Mwaka huu barua ya ruhusa ilikuja na masharti: wastani wa sauti usizidi desibeli 65 kwa kila dakika 15, ukipimwa mita moja mbele ya dirisha la nyumba iliyo karibu zaidi, na muziki ukome saa tano usiku. Malalamiko mengine, na klabu ingepoteza uwanja. Hapa tunaeleza tulivyofanya, kwa faida ya kamati itakayotupokea.

Kipimo kinachoficha besi

Tulikodi kipima sauti pamoja na kisahihishi chake, yaani kile kikopo kidogo kinachovikwa kwenye maikrofoni na kutoa sauti ya desibeli 94 kamili. Kama kipimo hakisomi 94, kinarekebishwa kabla ya kazi na kukaguliwa tena baada ya kazi. Simu tulikuwa nazo, lakini maikrofoni za simu zimetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo. Simu mbili zikiwekwa pamoja zinaweza kutofautiana kwa desibeli kadhaa, na kwenye besi haziaminiki.

Kipima sauti kina mizani miwili inayotuhusu. Mzani wa A, unaoonekana kwenye kioo kama `dBA`, hufuata sikio la binadamu linavyosikia sauti za chini, kwa hiyo huipunguza besi sana. Kwenye hezi 63, mahali dundo la dansi linapokaa, A hupunguza takribani desibeli 26. Mzani wa C, `dBC`, hapo hupunguza chini ya desibeli moja. Masharti mengi huandikwa kwa A. Ndiyo maana mtu anaweza kutii barua neno kwa neno na bado akamkosesha jirani usingizi.

Tukajiwekea kanuni: kila tunaposoma A, tunasoma na C. C ikiizidi A kwa kiasi kikubwa dirishani, kinachofika pale ni besi.

Tofauti kati ya miksa na dirisha

Fundi mitambo hawezi kusimama dirishani kwa jirani usiku kucha. Anachohitaji ni namba moja ya kuitazama pale alipo. Namba hiyo hupatikana kwa kupima sehemu mbili kwa wakati mmoja, kabla wageni hawajafika.

Miksa yetu ilikuwa mita 12 mbele ya spika, na nyumba ya bibi mita 96 nyuma ya jukwaa. Katika eneo la wazi sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Kutoka 12 hadi 24, kutoka 24 hadi 48, kutoka 48 hadi 96: ni mara tatu, yaani desibeli 18. Hayo ni makadirio ya karatasi tu. Tulipiga sauti ya majaribio, ile inayochacha kama mvua kwenye bati, ambayo ina nguvu sawa kwa kila oktavo. Mmoja akasoma miksani, mwingine dirishani, na bibi mwenyewe akatuletea chai.

Kwa mzani wa A tofauti ilikuwa desibeli 24. Spika za juu zinaelekeza sauti mbele, na dirisha liko nyuma yake, kwa hiyo tulipata zaidi ya zile 18. Lakini tulipobakiza sabufa peke yake, tofauti ilikuwa 17. Sabufa haina mbele wala nyuma. Humwaga sauti pande zote, na ukuta wa nyumba huirudisha kidogo kuelekea maikrofoni. Hema nalo ni kitambaa, haliizuii besi.

Hesabu ikawa nyepesi. Dirishani 65, ongeza 24, unapata 89 miksani. Tulijiachia akiba ya desibeli 2, lengo letu likawa 87. Kisha tukapiga rekodi ya dansi kwa 87 tukaenda dirishani. A ilisoma 63, ndani ya masharti. C ilisoma 82. Pengo la desibeli 19! Miksani pengo hilo lilikuwa 12 tu. Glasi za bibi zilikuwa kwenye zile desibeli 7 za nyongeza, ambazo fundi mitambo asingeweza kuzijua akiwa kwenye kiti chake.

Kugeuza sabufa moja

Jambo jepesi lingekuwa kupunguza sabufa. Lakini wachezaji wanaihitaji, na bibi hakai mbele ya jukwaa. Tatizo lilikuwa besi inayokwenda nyuma, basi tukaishughulikia hiyo.

Tulikuwa na sabufa tatu za aina moja. Tulizipanga juu ya nyingine, mbili zikitazama watu, ya katikati tukaigeuza itazame nyuma. Kisha kwenye kichakataji tukaipindua alama yake, yaani koni yake iende ndani wakati za wenzake zinatoka nje, tukaichelewesha kidogo. Kiasi cha kuchelewesha hutokana na kina cha kasha: letu lilikuwa sentimita 90, sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 2.6. Matokeo yake ni kwamba nyuma ya jukwaa mawimbi yanakutana yakipingana na kuuana, na mbele yanakutana karibu yakikubaliana.

Ukikosea, utajua upesi. Tulipiga sauti moja ya hezi 60 tukatembea kutoka mbele hadi nyuma. Mara ya kwanza nyuma kulikuwa na nguvu kuliko mbele: tulikuwa tumesahau kupindua alama. Tulipoirekebisha, nyuma kukawa kimya cha kushangaza. Jambo jingine ni nafasi. Mwanzoni pazia la jukwaa lilikuwa limeigandamiza sabufa iliyogeuzwa, na hali haikuwa nzuri hadi tulipolisogeza.

Tukapima upya kwa ile rekodi ya dansi. Miksani C ilishuka kutoka 99 hadi 97, jambo ambalo wachezaji hawakulitambua. Dirishani ilishuka kutoka 82 hadi 75, na A ikabaki 63. Pengo la 19 likawa 12.

Muziki ndani ya desibeli 87

Sikio lina tabia moja inayowaponza mafundi. Sauti ikishushwa, besi hufifia sikioni haraka kuliko sauti za kati. Kwa hiyo fundi akipunguza kwa ajili ya jirani, anahisi muziki umekonda, mkono unaiendea besi anaiongeza, na jirani anarudishiwa kile kile alicholalamikia. Tulikubaliana kwamba besi haiguswi baada ya kipimo cha jioni.

Badala yake tulisafisha. Kila maikrofoni ya mwimbaji, fidla, kodiani na kinanda iliwekewa filta ya kukata chini ya hezi 100, kwa sababu huko kinachoingia zaidi ni ngurumo za jukwaa na vishindo vya miguu. Gitaa la besi tulilikata chini ya hezi 45 na kuliongeza kidogo karibu na 120. Noti yake ya chini kabisa ni hezi 41, lakini sikio likipata zile za juu yake, 82 na 123, linaijaza lenyewe ile iliyokosekana. Maneno ya taarabu yaliposhindwa kusikika, hatukumwongeza mwimbaji. Tulishusha kinanda kilichokuwa kimemkalia.

Waliokaa nyuma ndio humlazimisha fundi kupandisha sauti. Tuliweka spika mbili ndogo mita 17 kutoka jukwaani, tukazichelewesha milisekunde 50 ili zifike pamoja na sauti ya mbele. Hapo spika kubwa ziliweza kushuka bila yeyote kulalamika.

Dakika 15 na hesabu yake

Wastani unaoandikwa kwenye kioo kama `LAeq` ni wastani wa nishati, haufuati hesabu ya kawaida ya namba. Tuseme dakika 10 zimekwenda kwa 85 na dakika 5 kwa 91. Kwa hesabu ya dukani utapata 87. Kwa nishati ni 88, kwa sababu dakika chache za kelele hula sehemu kubwa ya posho. Tukitaka kubaki 87 baada ya dakika 10 za 85, zile 5 za mwisho haziwezi kuzidi 89. Kwa hiyo tulipanga nyimbo: taarabu ya kukaa kabla ya bongo fleva, na singeli haikupigwa mbili mfululizo.

Saa nne usiku yule wa dirishani alituma ujumbe: anasoma 65 huku miksani tuko 87. Ile tofauti ya 24 ilikuwa imekuwa 22. Anga lilikuwa safi, ardhi imepoa haraka kuliko hewa iliyo juu yake, na katika hali hiyo sauti hupinda kurudi chini badala ya kupotelea angani. Kipimo cha mchana hakikulijua hilo. Tulishusha lengo hadi 85, na kwa kuwa mchanganyiko ulikuwa umesafishwa, maneno yalibaki yanasikika. Atakayepima mchana tu, ajiachie akiba kubwa kuliko yetu.

Tulizima saa tano kasoro dakika tano. Asubuhi, tukikunja hema, bibi alikuja kuchukua birika lake. Dundo alilisikia, alisema, lakini kwa mbali, na hakulazimika kuamka. Akauliza ule wimbo wa fidla wa mwanzo ulikuwa unasema nini.