Homa Imeshuka, Mbona Moyo Bado Waenda Mbio?

Mwili wa mgonjwa unapopoa baada ya dawa ya homa, nyumba nzima hushusha pumzi. Sisi twashauri jambo moja kwanza: mhesabieni mapigo ya moyo.

Apumzike dakika 5, kisha wekeni vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, mhesabu dakika nzima. Andikeni asubuhi na jioni, pamoja na joto la mwili.

Kwa mtu mzima, kila nyuzi moja ya homa huongeza mapigo kama 10. Tuchukue mama ambaye akiwa na afya mapigo yake ni 70. Siku ya kwanza joto ni 39, mapigo 90: homa pekee yatosha kuwa sababu. Siku ya pili joto ni 37.5, lakini mapigo yamefika 112. Hapo homa si jawabu tena.

Mdomo ukiwa mkavu na mkojo mchache, wa rangi nzito, huenda amepungukiwa na maji; damu imekuwa chache, na moyo wakimbia kuisambaza. Anyweshwe maji ya chumvi za pakiti kidogo kidogo, ahesabiwe tena baada ya saa 2. Yasiposhuka, huenda maambukizi yanaenea: apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Akihema haraka au akichanganyikiwa, msingoje hesabu.

Atumiaye dawa za presha zinazopunguza kasi ya moyo asiitegemee hesabu hii. Mapigo yake yaweza kubaki chini hata akizidiwa.