Jozi ya Kahawia Ilipokatika

Katika studio ya video za harusi jijini Mwanza, mhariri alikuwa akihamisha faili la gigabaiti 6 kwenda kwenye kompyuta ya kuhifadhia kazi, kisha anakwenda kunywa chai. Dakika nane na nusu baadaye faili lilikuwa limefika. Swichi ilikuwa ya gigabiti, kompyuta zote mbili pia, lakini kasi haikuwahi kuzidi megabaiti 11 na ushei kwa sekunde.

Fundi wa mtandao akiisikia namba hiyo hashuku diski wala virusi. Anajua kwamba mahali fulani njiani kuna kiungo kinachofanya kazi kwa megabiti 100, maana biti nane ndizo baiti moja. Waliolipia intaneti ya megabiti 200 huonjeshwa kisa hicho hicho kwa sura nyingine: kipimo kinaganda kwenye 94 au 95, na lawama zote zinamwangukia mtoa huduma.

Ndani ya kebo ya mtandao kuna nyaya nane nyembamba, zimesokotwa mbili mbili na kuwa jozi nne: ya chungwa, ya kijani, ya bluu na ya kahawia. Mtandao wa megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, zinazofika kwenye pini za 1 na 2, na 3 na 6. Gigabiti inazitaka zote nne kwa wakati mmoja. Kinachowachanganya watu ni kwamba vifaa viwili vikiunganishwa huanza kwa kusalimiana, kila kimoja kikieleza kasi inazoziweza, na salamu hizo hupita kwenye jozi mbili zile zile za mwanzo. Kwa hiyo jozi ya kahawia ikiwa imekatika, vifaa hukubaliana vizuri kabisa juu ya gigabiti, hujaribu, hushindwa, hurudia mara kadhaa, kisha vingi hukata tamaa na kushuka hadi 100. Taa inawaka, intaneti inapatikana, na hakuna anayelalamika.

Kwenye kompyuta ya Linux baadhi ya kadi za mtandao huungama zenyewe. Kwenye kumbukumbu za mfumo huonekana mstari huu:

```
Downshift occurred from negotiated speed 1Gbps to actual speed 100Mbps, check cabling!
```

Pale studio hapakuwa na mstari huo, basi fundi akaanza na jambo la bei rahisi: akabadilisha kebo fupi ya mezani. Bado 100. Akahamishia kebo kwenye tundu jingine la swichi. Bado 100. Akachukua kompyuta mpakato yake, akaichomeka moja kwa moja kwenye swichi kwa kebo aliyoiamini, ikasoma 1000. Swichi ikawa haina kosa. Iliyobaki ni kebo ndefu iliyopita juu ya dari.

Swichi yenyewe ilikuwa na kipengele cha kupima kebo. Hurusha mpigo mfupi wa umeme kwenye kila jozi na kusubiri mwangwi. Mpigo ukifika mahali waya ulipoishia, sehemu yake hurudi. Katika kebo hizi umeme husafiri takriban sentimeta 20 kwa kila nanosekunde, hivyo muda wa kwenda na kurudi hugeuzwa kuwa mita. Fundi alichomoa kwanza ncha ya upande wa pili, ili kila jozi iwe na mwisho wake ulio wazi. Majibu yalikuja: jozi tatu zinaishia mita 38, ya kahawia mita 14.

Kama zote nne zingesema 38, angeifungua soketi ya ukutani, kwa sababu jozi ingekuwa haikuguswa vizuri pale pale mwisho. Lakini 14 ni katikati ya safari. Kipimo hiki kinaweza kukosea kwa mita moja hivi, kwa hiyo alihesabu kwa futi kamba kutoka swichi, akainua ubao wa dari, akaangaza tochi pande zote mbili. Kebo ilikuwa imebanwa chini ya kibano cha bomba la kiyoyozi kilichofungwa mwezi uliopita. Ganda lilikuwa limepasuka, na nyaya za jozi ya kahawia zimekatika.

Ingetokea swichi haina kipimo hicho, angetumia testa ya taa nane, ambayo ingeonyesha 7 na 8 zimezimika, ila isingemwambia wapi. Tena testa hiyo hudanganyika: anayepanga rangi kwa kufuata jozi kutoka 1 hadi 8, bila kupeleka kijani kwenye 3 na 6, taa zote zitamwakia ilhali nyaya za 3 na 6 hazikusokotwa pamoja, na kelele hupenya.

Fundi hakuunga. Alivuta kebo mpya, akaipitisha mbali na bomba. Faili lile lile likachukua kama dakika moja, na chai ikapoa mezani.