Pointi Ngapi Zinatosha Kuipima Ramani?

Ramani ya dunia iitwayo ESA WorldCover, toleo la mwaka 2021, huonyesha ardhi imefunikwa na nini katika kila mraba wa mita 10: miti, nyasi, mazao, majengo, maji, mikoko na kadhalika, jumla aina 11. Ilipokaguliwa, usahihi wake wa jumla ulikuwa karibu asilimia 77. Hiyo ni hesabu ya dunia nzima. Ofisa misitu anayeshughulikia delta ya Rufiji hawezi kuitumia kujua kama mikoko iliyochorwa katika eneo lake ipo kweli. Katika delta hiyo, sehemu za mikoko zimefyekwa ili kulima mpunga, na shamba lililojaa maji huweza kuidanganya kompyuta inayosoma picha za satelaiti. Ofisa huyo anahitaji ramani ya kwake ikaguliwe pale pale.

Ukaguzi wenyewe ni wa kueleweka. Huchaguliwa pointi kadhaa ndani ya ramani, kisha kila pointi huangaliwa upya, ama kwa kwenda uwandani ama kwa kutazama picha iliyo kali zaidi ya ile iliyotengenezea ramani. Kilichoonwa hulinganishwa na kilichochorwa. Kazi ngumu hutangulia hayo yote: kuamua pointi ziwe ngapi, na ziangukie wapi.

Tuchukue wilaya ya kufikirika ya pwani yenye hekta 200,000. Ramani yake inasema mikoko ni asilimia 2, msitu wa nchi kavu asilimia 18, mashamba na makazi asilimia 50, vichaka na nyasi asilimia 30. Kila aina kati ya hizi nne inafanywa tabaka, yaani kundi litakalochaguliwa pointi zake peke yake.

Ili kupata idadi ya pointi, mkaguzi hukisia kwanza kila tabaka limechorwa kwa usahihi gani. Ukisio huo hautoki hewani. Hutoka kwenye ramani za zamani za eneo hilo au kwenye majaribio madogo. Tuseme msitu ni asilimia 90, mikoko na mashamba asilimia 80, na vichaka, ambavyo huchanganywa sana na mashamba yaliyolala, asilimia 70. Kisha huamua atavumilia kosa la kiasi gani katika jibu la mwisho. Kanuni inayotumika sana, iliyomo katika vitabu vya takwimu vya William Cochran na ikaelezwa upya kwa watu wa ramani na Pontus Olofsson na wenzake mwaka 2014, ni hii:

```
n = (Σ W·S / E)²
S = √(U(1 − U))
```

W ni sehemu ya wilaya iliyochukuliwa na tabaka, U ni usahihi uliokisiwa, na E ni kosa sanifu linalovumilika. Mkaguzi akikubali E ya 0.02, jibu lake litayumba kwa takriban asilimia 4 juu au chini. Kwa wilaya yetu kanuni inatoa pointi 399, tuziite 400. Akitaka kosa lipungue nusu, pointi hazizidi mara mbili bali mara nne, karibu 1,600. Hapo ndipo bajeti ya gari, boti na posho inapoanza kuamua pamoja na takwimu. Ukubwa wa wilaya, kwa upande mwingine, haumo katika kanuni: wilaya mara kumi ya hii, yenye mgawanyo uleule wa ardhi, ingehitaji pointi zilezile 400.

Sasa zigawanywe. Zikifuata ukubwa wa eneo, mashamba yanapata 200 na mikoko inapata 8 tu. Kwa pointi 8, pointi moja ikikosewa usahihi wa mikoko unashuka kwa zaidi ya asilimia 12, na jibu linaweza kuyumba karibu asilimia 28 kila upande. Hicho si kipimo. Na mikoko ndiyo iliyosababisha ramani ichorwe.

Kwa hiyo tabaka dogo hupewa kiwango cha chini, mara nyingi kati ya pointi 50 na 100, na zinazobaki hugawanywa kwa ukubwa. Mikoko ikichukua 50, msitu unapata 64, mashamba 179 na vichaka 107. Kuyumba kwa jibu la mikoko kunashuka hadi asilimia 11 hivi. Gharama yake kwa usahihi wa jumla ni ndogo mno: kosa sanifu linapanda kutoka asilimia 2.0 hadi 2.1. Ni biashara nzuri.

Ndani ya kila tabaka pointi huchaguliwa kwa nasibu, na kompyuta ndiyo inayochagua. Mkaguzi akizichagua mwenyewe, zitakaa kando ya barabara na katikati ya maeneo yasiyo na utata, na ramani itasifiwa isivyostahili. Vivyo hivyo, pointi iliyoangukia kwenye tope lisilofikika haiachwi na kubadilishwa na jirani yake; inatazamwa kwa picha kali. Anayeitazama asiambiwe ramani imesema nini hapo, maana jicho hufuata jibu lililokwisha kutolewa.

Kosa linaloharibu ripoti nyingi huja baadaye, wakati wa kujumlisha. Tuseme kati ya pointi 50 za mikoko, 40 ni mikoko kweli na 10 ni mpunga. Katika pointi 179 za mashamba, mbili zinagundulika kuwa mikoko. Kwingine hakuna. Mtu akihesabu kavu, ana pointi 42 za mikoko kati ya 400, yaani asilimia 10.5, na ataandika kwamba wilaya ina hekta 21,000 za mikoko. Huo ni uongo uliotokana na pointi nyingi tulizoipa mikoko kwa makusudi. Lazima kila pointi ihesabiwe kwa uzito wake. Pointi ya tabaka la mikoko inawakilisha hekta 80. Ile ya mashamba inawakilisha karibu 559. Pointi 40 zinatoa hekta 3,200, na zile mbili za mashamba zinaongeza 1,117. Jumla ni kama hekta 4,300, huku ramani ikisema 4,000.

Lakini jumla hiyo inaweza kuyumba kwa hekta 1,600 kila upande, na sehemu kubwa ya wasiwasi huo imebebwa na zile pointi mbili peke yake. Kama ingeonekana moja au zingeonekana tatu, jibu lingehama kwa hekta zaidi ya 500. Dawa yake ni kukata, kabla ya kuchagua pointi, tabaka jingine jembamba linalozunguka mikoko iliyochorwa, ambako mikoko iliyosahauliwa hujificha. Ukanda huo ukiwa na hekta 6,000 na pointi 50, pointi moja inawakilisha hekta 120 tu, na mikoko ikiangukia hapo haiyumbishi jibu lote.

Anayekabidhiwa ramani iliyoandikwa usahihi asilimia 85 asiishie kwenye namba hiyo. Aombe jedwali linaloonyesha kila tabaka lilipata pointi ngapi, eneo lake ni hekta ngapi, na jibu linayumba kwa kiasi gani. Ramani isiyokuja na jedwali hilo isitumike kupanga mipaka ya hifadhi wala kulipia hewa ya ukaa.